Safu ya Tatu Ubaoni

Mwenzangu alikuwa na mkono mwepesi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikera, na sitaki kujifanya kwamba kulikuwa na sababu nyingine ya maana zaidi.

Ofisi yetu ilikuwa Bunju, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kiarabu iliyokuwa pale tangu eneo lote likiwa mashamba. Chini waliuza misumari, rangi na mabomba. Juu tulikaa sisi, tukichora makabati ya jikoni ya watu wa Ujerumani ambao hatukutarajia kuwaona maishani. Kampuni ya huko inapima jiko la mteja na kutuma vipimo. Sisi tunachora: kabati la ukutani, kabati la chini, droo, sinki, mlango unafungukia upande gani. Mchoro ukikubaliwa, kiwanda chao kinakata mbao. Ukikosea kidogo tu, kuna mama mahali fulani atavuta droo yake igonge mlango wa oveni, na lawama itarudi Bunju.

Bosi alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Upanga, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Yeye ndiye aliyekuwa na mkataba na Wajerumani. Wachoraji tulikuwa wawili: mimi niliyetangulia, na huyo mwenye mkono mwepesi aliyekuja baadaye.

Msichana huyo alitokea Kimbiji. Alikuwa na miaka ishirini na minne, begi moja, na kompyuta mpakato yenye kioo kidogo kilichopasuka pembeni. Siku ya kwanza aliingia, akasimama mbele ya meza yangu na kusema, "Shikamoo dada." Nilikuwa na miaka thelathini na minane, bado najihesabu na vijana. Niliitikia marahaba huku moyoni nikimwambia mengine.

Baada ya wiki mbili alikuwa anachora majiko matatu wakati mimi nachora mawili. Tena hakuonekana kuhangaika. Alikuwa anaimba singeli kwa sauti ya chini, mguu unacheza chini ya meza, na kwenye kioo makabati yanajipanga kana kwamba yalikuwa yanamsubiri. Bosi alikuwa akinyanyuka kitini kuja kuniita: "Njoo uone usafi huu." Nilikwenda, nikaona, nikasema vizuri sana. Hata yule mama aliyetuletea chakula cha mchana alimzidishia maharage bila kuombwa. Nilikuwa nakula pale miaka miwili na sikuwahi kuzidishiwa kitu.

Nilikuwa na faraja moja tu. Mimi nilijua kusoma ubao.

Ubao huo ulikuwa kwenye kompyuta. Kila jiko lilikuwa kadi, na kadi zilipangwa kwenye safu zilizosimama wima, ambazo sisi tuliziita maboksi. Juu ya kila boksi kulikuwa na jina kwa Kijerumani. La kwanza, Offen, ni kazi ambazo hazijaguswa. La pili, In Arbeit, ni kazi iliyo mkononi. La tatu, Prüfung, ni ukaguzi. La nne, Fertig, imekwisha. Ungeweza kubadilisha lugha ya chombo chenyewe, yaani programu ya ubao, na mimi nilishajaribu: vitufe vyote vikageuka Kiingereza, lakini majina ya maboksi yakabaki vilevile, kwa sababu hayo waliyaandika wenye ubao kwa mikono yao.

Pembeni mwa kila kadi kulikuwa na kiduara chenye picha ya mtu. Ukifungua kadi, mbele ya picha ile kumeandikwa Bearbeiter, yaani yule ambaye kazi iko mikononi mwake kwa sasa. Kwa sasa, si daima. Nikichora, sura yangu ipo. Nikivuta kadi kuipeleka Prüfung, chombo chenyewe kinaondoa sura yangu na kuweka ya mkaguzi, mzee mmoja wa Ujerumani mwenye miwani. Akiridhika, anaipeleka Fertig, na sura ya mchoraji inarudi. Hivyo ndivyo unavyojua kadi imepokelewa: sura yako inatoka, miwani inaingia.

Haya yote niliyajua kwa sababu nilisoma Kijerumani. Nilisoma kila Jumamosi kwa miezi mingi, kwa fedha yangu, nikitoka Bunju alfajiri kwenda mjini, wakati wenzangu wanafua na kusuka nywele. Nilikuwa na ndoto ya kuwa mkalimani. Ndoto haikufika popote, lakini lugha ilibaki.

Yeye hakujua hata neno moja. Alikuwa akihesabu.

"Boksi la kwanza nachukua, la pili nachora, la tatu natupia, la nne wananipa maua yangu," aliniambia akicheka. "Sasa Kijerumani cha nini, dada?"

Nilicheka naye. Nilikuwa na hamu ya kumfinya.

Mvua zilipoanza, bosi alituita mezani kwake. Alisema Wajerumani wanapunguza watu na mwisho wa mwezi unaofuata atabaki mchoraji mmoja, kwa ajira ya kudumu. Wangeangalia ubao: nani kamaliza kazi ngapi, ngapi zimerudishwa. Alisema amewabembeleza wabaki na wote wawili, wamekataa.

Tulirudi mezani kwetu. Baadaye mwenzangu alivuta kiti karibu na changu na kuniambia jambo ambalo ningefurahi kama asingeniambia.

"Baba alinipa mwaka mmoja tu. Nikipata kazi ya kudumu, nibaki. Nisipopata, nirudi Kimbiji nikakae dukani kwake. Na mie dada nikirudi kule sitoki tena, namjua mzee wangu."

Nilimwambia Mungu atasaidia. Kichwani nilikuwa najumlisha kadi. Kwa mwendo wake na mwendo wangu, hesabu haikuhitaji kalamu: yeye atabaki, mimi nitakwenda. Niliona wazi jinsi nitakavyozunguka Tegeta na Mbezi na vyeti vyangu kwenye bahasha, umri huo, huku yeye anakaa kwenye kiti changu cha dirishani anaimba.

Jumatatu iliyofuata nilifika mapema. Nilifungua ubao na nikaona maboksi matano.

Boksi jipya lilikuwa limepachikwa katikati, baada ya In Arbeit. Liliitwa Zurückgestellt. Juu ya ubao mkaguzi alikuwa amebandika tangazo la mistari minne, kwa Kijerumani. Nilisoma na chai yangu mkononi. Kuanzia leo, jiko ambalo vipimo vyake havijatimia liwekwe kwenye safu hii ya kazi zilizowekwa kando. Mkaguzi hatafungua kadi yoyote iliyo humo mpaka mchoraji mwenyewe aitoe. Kazi iliyokamilika iendelee kupelekwa Prüfung.

Prüfung sasa lilikuwa boksi la nne.

Nakumbuka vizuri kwamba nilikusudia kumwambia mwenzangu. Alipoingia, mwavuli unachuruzika, niligeuza kiti na nikafungua mdomo kabisa. Wakati huohuo bosi akatoka kwenye chumba chake ameshika karatasi kubwa. Alikuwa amechapisha mchoro wa mwenzangu, jiko la kona lenye kabati la mviringo, na alikuja na gundi ya karatasi kuubandika ukutani, juu ya mashine ya maji, mahali ambapo kila anayekwenda kunywa lazima auone.

"Hii ndiyo kazi," alisema, akirudi nyuma hatua moja kuutazama.

Nilifunga mdomo. Miaka miwili, na ukuta ule haukuwahi kubandikwa hata kipande changu.

Saa moja baadaye aliniita bila kugeuka.

"Dada, hili boksi la tatu limekuwa na jina refu. Wamelibadilisha?"

Kioo chake kilikuwa kidogo. Kilionyesha maboksi manne tu, na la tano ungeliona kwa kuvuta ubao pembeni. Na Fertig husafishwa kila Jumatatu asubuhi, kadi za zamani zinaondolewa, kwa hiyo boksi la nne tupu halikumshtua; alidhani ndilo la kazi zilizokwisha. Alikuwa anaona maboksi manne, kama siku zote.

"Wamelirefusha tu," nilisema. "Ndilo lilelile."

"Haya."

Akatupia.

Unaweza kuuliza kwa nini hakutumia simu kusoma jina lile na lile tangazo. Simu yake ilikuwa na kamera ya kutafsiri maandishi, sote tunazo. Lakini mtu gani ahangaike na simu wakati yupo mtu anayemwita dada, aliyesoma lugha ile, ameketi umbali wa mkono mmoja?

Siku ya kwanza ziliingia kadi mbili. Kufikia Alhamisi zilikuwa sita. Nilikuwa nazitazama kwenye kioo changu kikubwa: kadi sita safi, zilizokamilika, zimekaa chini ya lile neno refu, na pembeni mwa kila moja kiduara cha sura yake akiwa na ushungi wa kijani, anatabasamu. Miwani ya mkaguzi haikuingia hata kwenye moja. Zangu zilikuwa zinapita boksi la nne moja baada ya nyingine, sura yangu inatoka, miwani inaingia, na kesho yake ziko la tano na sura yangu imerudi. Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama wiki ile. Nilinunua hata sambusa za wote.

Siku ya Ijumaa alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Dada, naomba nikuulize. Zako zinafika boksi la nne haraka. Zangu zimeganda la tatu. Na picha yangu haitoki. Ilikuwaga inatoka, anaingia yule mzee."

Alikuwa ameona. Hakujua kusoma neno, lakini sura aliisoma sawasawa. Ningeweza kusema wakati ule, hata kwa kujifanya nimegundua pale pale: ala, kumbe wameongeza boksi! Tungecheka, tukazivuta, mambo yakaisha.

"Mkaguzi ana kazi nyingi," nilisema. "Zako pengine anazitazama kwa makini zaidi."

"Kwa nini zangu?"

"Sijui. Labda kuna kitu."

Hilo la mwisho halikuwa la lazima. Lilinitoka lenyewe, na liliingia mahali pake. Alirudi kwenye kiti chake na kufungua mchoro wa kwanza kabisa, ule aliouweka Jumatatu, akaanza kuupima upya. Singeli haikusikika siku ile.

Kila Ijumaa alasiri tulikuwa na kikao na mkaguzi kwa njia ya video. Bosi alikaa katikati, sisi pembeni. Kwa kawaida waliongea Kiingereza, lakini mkaguzi alipenda kuchomeka Kijerumani kwa ajili yangu, kunifurahisha, na mimi nilipenda bosi asikie. Ijumaa ya pili baada ya boksi kuongezwa, mwenzangu alikuwa na kadi kumi na moja kule. Mkaguzi alipitia kazi zangu, akasifu mbili, akalalamikia moja. Halafu akaniuliza kwa Kijerumani, sauti ya kawaida, kwa nini mwenzako ameweka kando majiko mengi hivyo, je, vipimo tulivyowatumia vina kasoro?

Lilikuwa swali la mtu mwema. Alidhani kosa ni lao.

Nikamjibu kwa Kijerumani kwamba hapana, vipimo viko sawa, ila yeye anahitaji muda zaidi.

Bosi akanigeukia. "Anasemaje?"

"Anauliza kuhusu kazi zake," nilisema, nikimwonyesha mwenzangu kwa kidevu. "Anasema zile kumi na moja hazijakamilika."

Sentensi zote mbili, ukizipima moja moja, hazikuwa mbali sana na ukweli. Nilijitetea hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejifunza lugha ile Jumamosi baada ya Jumamosi, na mara ya kwanza nilipofanya ukalimani wa kweli, mbele ya watu, niliitumia kwa kazi hiyo.

Bosi hakumgombeza. Alimwambia tu baadaye kwa upole, "Mwanangu, usikimbilie. Kamilisha vizuri. Usafi ninaoujua mie siuoni kwenye ripoti yao."

"Lakini mama, nimezimaliza."

"Wao ndio wanaosema bado."

Bosi aliporudi chumbani kwake, mwenzangu akanitazama mimi. Hakunishuku. Kama angenishuku nadhani ningepumua. Alinitazama kama mtu anayemtazama daktari.

"Nakosea wapi, dada? Nionyeshe hata moja."

Nikasogeza kiti. Nikautazama mchoro wake, na nilitafuta kosa kwa nia yote niliyokuwa nayo. Hapakuwa na kosa. Kabati la kona lilikuwa limekaa vizuri, bawaba upande sahihi, nafasi ya bomba imeachwa. Nikaanza kumwonea wivu upya, hapo hapo, bega kwa bega, wakati nimeshammaliza. Nilimwambia pengine wangependa mistari ya vipimo iwe mizito kidogo.

Akaifanya mizito. Kadi zote kumi na moja. Kisha akasogeza vipimo upande wa kushoto. Kisha akavirudisha. Alikuwa anakuja kabla yangu na kuondoka baada yangu, macho mekundu, na kazi mpya zilikuwa zinakaa Offen hazijaguswa kwa sababu hakuwa na muda nazo. Mkono ule mwepesi ulianza kusitasita. Nilimwona akichora droo, akaifuta, akaichora tena palepale, akaifuta. Wiki ya tatu nilikuwa nachora haraka kuliko yeye bila kuongeza mwendo wowote.

Kuzitoa zile kadi ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Ruhusa nilikuwa nayo. Kila mtu kwenye ubao anaweza kuvuta kadi ya mwenzake. Siku moja alipokwenda kuswali adhuhuri niliishika moja kabisa, nikaivuta mpaka mpakani mwa boksi la nne, na boksi likabadilika rangi kuonyesha kwamba liko tayari kuipokea. Nikakumbuka kwamba chombo kile kinaandika kila kitu. Ukifungua kadi, chini kuna historia: nani kaisogeza, kutoka safu gani kwenda ipi, saa ngapi. Sura yangu ingebaki pale, na wangeuliza mbona hukusema siku zote. Nikairudisha. Kadi iliyorudishwa kabla ya kuachiliwa haiachi alama yoyote.

Mwisho wa mwezi bosi alituita tena. Alianza kuongea, na mwenzangu akamkatiza kwa adabu.

"Mama, usihangaike. Nimeona mwenyewe. Hii kazi imenizidi."

Bosi alilia kidogo. Mimi nilitazama mashine ya maji. Ule mchoro wa jiko la kona bado ulikuwa ukutani, gundi imeanza kuachia pembe moja.

Aliaga siku hiyohiyo. Aliniachia rula yake ya chuma, nzuri, ya kutoka chuoni, kwa sababu alisema dukani kwa baba yake hakuna cha kupima zaidi ya mchele. Akanishika mikono yote miwili.

"Asante dada. Umenivumilia sana."

Nikamwambia asijali.

Jumatatu yake Wajerumani walifunga akaunti yake. Sura ile ya ushungi wa kijani ikageuka kijivu kwenye kila kadi, na kufikia saa nne mkaguzi alikuwa amebadilisha, bila kuzikagua, jina kwenye sehemu ya Bearbeiter ya zote kumi na moja. Akaweka langu. Nilitazama zinavyobadilika moja moja kwenye kioo, sura ya kijivu inatoka, yangu inaingia. Chini ya neno refu kulikuwa sasa na mimi peke yangu, mara kumi na moja.

Nilizifungua. Kwenye kila kadi alikuwa ameambatanisha michoro kwa namba: toleo la kwanza, la pili, la tatu. Moja ilikuwa na matoleo tisa. Niliyachapisha, nikayapitia yote tisa kwa rula yake. Toleo la kwanza lilikuwa sahihi. La tisa lilikuwa na kosa la bawaba, kosa ambalo yeye wa zamani asingelifanya hata akiwa amesinzia.

Nikayaacha matoleo ya kwanza, nikafuta mengine, na nikavuta kadi zote kwenda Prüfung. Haikunichukua hata robo saa. Jumatano zilikuwa Fertig, zote, bila kurudishwa hata moja, na kwa kuwa Bearbeiter aliyekuwa anajulikana ni mimi, sura iliyorudi ilikuwa yangu. Bosi alikuja na kunishika bega.

"Umefanya kazi ya watu wawili kwa siku mbili," alisema. Alichapisha mchoro mmojawapo, akautoa ule wa zamani ukutani na kubandika huu. Ulikuwa mchoro wa mwenzangu, kama ule wa kwanza. Kila nilipokwenda kunywa maji niliuona.

Ungedhani wivu uliisha. Sikuwa tena na mtu wa kumwonea, kiti chake kilikuwa kimewekwa maboksi ya karatasi. Lakini nilikuwa nachora nikiona michoro yangu ilivyo mizito, na nilijua ingekuwaje kama angeichora yeye. Nilimwonea wivu hata kule Kimbiji, akipima mchele, kwa sababu nilidhani analala.

Ilipita zaidi ya nusu mwaka. Mchana mmoja, niko mezani, simu ikalia kwa ujumbe wake. Hakuwa ameandika tangu siku za Idi. Alianza kwa salamu ndefu, shikamoo dada, habari za siku, mama hajambo? Baba yake alikuwa amekubali ajaribu tena. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha samani kule Temeke, kwa majaribio ya miezi mitatu, na wao pia wanachorea kampuni ya Kijerumani. Kisha ikaingia picha. Alikuwa ameupiga ubao kwenye kioo cha kompyuta, na ubao ulikuwa wa chombo kilekile.

"Safari hii sitaki kukosea," aliandika. "Nisomee dada, boksi moja moja. Hapa nakuamini wewe tu."

Niliikuza picha. Offen. In Arbeit. La tatu lilikuwa lilelile, herufi kwa herufi. Prüfung. Fertig.

Nilikaa na simu mpaka chai ikapoa. Nilifikiria kumwambia kwamba nina kazi, nitamjibu kesho, au kwamba picha haionekani vizuri. Nilifikiria hata hili, nakiri, kwamba sasa ana kazi na kiwanda kizima kitaona mkono wake. Halafu nikaandika. La kwanza, kazi ambazo hazijaguswa. La pili, iliyo mkononi. La tatu, kazi zilizowekwa kando kwa sababu vipimo havijatimia. Hakuna anayezikagua humo, usiweke kamwe kazi uliyoimaliza. La nne ndilo ukaguzi. La tano, imekwisha. Ukipeleka la nne utaona sura yako inatoka.

Nikatuma. Tiki mbili zikawa za bluu papo hapo.

Akaanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena. Kule chini mtu alikuwa anakata bomba la chuma, na kelele ilidumu muda wote huo.

Ujumbe ulipoingia ulikuwa wa mstari mmoja.

"Dada, hili la tatu si ndilo lile ulilosema wamelirefusha tu?"

Niliandika "Ndilo," nikaifuta. Nikaiandika tena, nikatuma.